Kanuni ya Sita Sita: Kwa Nini Dozi Maradufu ya Statini Haishushi LDL Maradufu

Mtu ambaye LDL yake ni milimoli 5.0 kwa lita ya damu, akianza kumeza atovastatini ya miligramu 10 kila siku, baada ya wiki sita hivi hutarajiwa kupimwa na kukutwa na 3.1 au karibu yake. Kidonge hicho kidogo kimemwondolea 1.9. Dozi ikipandishwa hadi miligramu 20, kinachotarajiwa ni 2.8. Ikifika 40, ni 2.5. Ikifika 80, ambayo ndiyo kikomo cha dawa hiyo, ni 2.2. Yaani miligramu 10 za kwanza zimeshusha 1.9, na miligramu 70 zilizoongezwa baadaye, zote kwa ujumla wake, zimeshusha 0.9 tu.

Madaktari wa moyo huifanya hesabu hii kichwani, kwa sababu ina mpangilio unaokaririka kwa urahisi: kila dozi ya statini inapoongezwa maradufu, LDL hushuka zaidi kwa pointi sita za asilimia, zinazohesabiwa kutoka kiwango alichokuwa nacho mgonjwa kabla hajaanza dawa. Kwa Kiswahili inafaa kuiita kanuni ya sita sita. Ukisema "kanuni ya sita", msomaji ataanza kuzitafuta zile tano zilizotangulia.

LDL ni vifurushi vidogo vinavyobeba kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, kutoka kwenye ini kwenda sehemu nyingine za mwili. Vikizidi katika damu kwa miaka mingi, hupenya na kunasa katika kuta za mishipa, na hapo ndipo huanza utando unaokuja kuziba mshipa wa moyo au wa ubongo. Statini ni kundi la dawa zinazopunguza vifurushi hivyo. Atovastatini, simvastatini, rosuvastatini na pravastatini zote ni za ukoo huo mmoja, na zote hufuata mwenendo wa sita sita, ingawa kila moja ina mahali pake pa kuanzia.

Neno "kutoka kiwango cha kabla ya dawa" ndilo linalowapotosha wengi. Asilimia sita ya 3.1 ni kama 0.19, na anayehesabu hivyo atapata majibu yasiyolingana na ya maabara. Sita ya kanuni hii ni sita ya ile 5.0 ya mwanzo, ambayo ni 0.3. Miligramu 10 za atovastatini hushusha asilimia 38 hivi ya kiwango cha mwanzo. 20 hushusha 44. 40 hushusha 50. 80 hushusha 56. Mtu aliyeanza na 5.0 hupoteza 0.3 kila dozi inapoongezwa maradufu, na aliyeanza na 4.0 hupoteza 0.24. Ndiyo maana karatasi ya kipimo cha kwanza kabisa, kile kilichochukuliwa kabla ya kidonge cha kwanza, ina thamani kuliko zote zinazofuata. Bila hiyo hakuna pa kuhesabia.

Sita yenyewe ni wastani. Katika jaribio la STELLAR, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003, atovastatini ya miligramu 10 ilishusha LDL kwa asilimia 37, ya 20 kwa 43, ya 40 kwa 48 na ya 80 kwa 51. Hatua zake, basi, ni sita, tano na tatu. Rosuvastatini, iliyo na nguvu zaidi kwa kila miligramu, ilishusha asilimia 46 kwa miligramu 10, 52 kwa miligramu 20 na 55 kwa miligramu 40: sita, kisha tatu. Uchambuzi uliokusanya majaribio mengi ya statini pamoja ulikuta kwamba kila kuongeza maradufu huleta pointi kati ya nne na saba. Sita ni namba ya katikati, nzuri ya kukumbukwa, na ukichungulia kwenye dozi za juu utaona mara nyingi hata hiyo sita haifiki.

Upande wa pili wa kanuni hauzungumzwi sana, nao ni kwamba dozi ndogo zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1995 watafiti waliwapa wagonjwa wachache atovastatini katika dozi mbalimbali kuanzia miligramu 2.5, ambayo ni robo ya kidonge kidogo cha leo. Robo hiyo ilishusha LDL kwa asilimia 25. Miligramu 80, ambazo ni mara 32 ya dozi hiyo, zilishusha asilimia 61. Dawa imeongezwa mara 32, matokeo hayajafika hata mara mbili na nusu.

Ili kuona kwa nini iko hivi, inabidi kuingia ndani ya seli ya ini. Seli hiyo hujitengenezea kolesteroli yake kwa msururu mrefu wa hatua za kikemia, na hatua moja karibu na mwanzo wa msururu ndiyo inayoamua kasi ya kazi nzima. Hatua hiyo husimamiwa na kimeng'enya kinachoitwa HMG-CoA riduktesi. Kimeng'enya hiki kina kijishimo ambamo malighafi hukaa ili igeuzwe kuwa kitu kingine. Molekuli ya statini imeumbwa kwa sura inayofanana na malighafi hiyo, kwa hiyo hukalia kijishimo kilekile na kukifunga. Ni kama abiria wawili wanaogombea kiti kimoja cha daladala: akikaa mmoja, mwingine anabaki amesimama.

Sasa hesabu viti. Tuseme dozi fulani imejaza nusu ya viti vyote. Ukiongeza dawa maradufu, abiria wapya hawapati nusu nzima iliyobaki, kwa sababu wengi wao wanakuta viti vimeshakaliwa na wenzao. Kwa hesabu ya kawaida ya vimeng'enya, viti vilivyojaa hupanda kutoka nusu hadi theluthi mbili. Ongeza maradufu tena, na vinafika vinne kwa kila vitano. Mara ya tatu, vinane kwa kila tisa. Kwa asilimia ni 50, 67, 80 na 89, yaani nyongeza ya 17, kisha 13, kisha 9. Kila mara dawa imeongezwa kwa kiasi kikubwa kuliko mara iliyotangulia, na kila mara viti vipya vilivyopatikana ni vichache zaidi. Huu ni mfano wa kuonyesha tabia tu, wala si kipimo cha ini la mtu fulani, lakini tayari unaonyesha kwa nini mchoro wa dozi na matokeo hupanda kwa kasi mwanzoni kisha hulala.

Hata hivyo viti peke yake havitoshi kueleza jambo lote, kwa sababu mwili haukai kimya ukiangalia. Hapa ndipo penye utamu wa habari hii, na ilibidi panya wawatangulie wanasayansi kulifahamu hilo.

Mwanakemia wa Kijapani Akira Endo, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alianza mwaka 1971 kuchunguza aina zaidi ya 6,000 za kuvu akitafuta moja inayotoa kemikali ya kuzuia kimeng'enya hicho. Aliipata mwaka 1973. Ilikuwa kuvu ya rangi ya samawati na kijani iliyopatikana kwenye mchele mjini Kyoto, na kemikali yake ikaitwa kompaktini. Kwenye chupa ya maabara ilizuia kimeng'enya vizuri sana. Lakini walipowalisha panya, kolesteroli yao haikushuka. Walirudia wakiongeza dozi na wakiongeza wiki, wakapata jibu lilelile. Kwa dawa nyingine huo ungekuwa mwisho wake. Dawa hii iliokolewa na kuku: mwaka 1976 mwenzake Endo, ambaye alikuwa na kuku wa mayai kwa ajili ya utafiti wake mwingine, alikubali wapewe kompaktini, na kolesteroli ya damu yao ikashuka karibu nusu. Baadaye ikaonekana kilichotokea kwa panya. Ini lao, likishahisi kwamba kolesteroli ndani ya seli inapungua, lilitengeneza kimeng'enya kingine kwa wingi, mara kadhaa zaidi ya kawaida, hadi kikaifuta kazi yote ya dawa. Abiria walijaza viti, mwenye gari akaongeza magari barabarani.

Ini la binadamu hufanya hivyohivyo, ila si kwa ukali wa panya. Ndani ya seli kuna protini inayoitwa SREBP-2, ambayo hulala ikiwa kolesteroli inatosha. Kolesteroli ikipungua, protini hii hukatwa, kipande chake huingia kwenye kiini cha seli, na huko huamsha jeni kadhaa kwa mkupuo mmoja. Mojawapo ni jeni la kile kimeng'enya ambacho dawa imekuja kukizuia. Kwa hiyo kadiri dozi inavyopanda, ndivyo idadi ya viti vya kujazwa inavyopanda nayo.

Jeni la pili linaloamshwa ndilo linalofanya dawa ifae. Ni jeni la vipokezi vya LDL, vile vijikono vinavyojitokeza juu ya seli ya ini na kudaka vifurushi vya LDL vinavyopita katika damu. Waliovigundua ni Michael Brown na Joseph Goldstein, katika kazi yao mjini Dallas miaka ya 1970, na mwaka 1985 walipewa Tuzo ya Nobeli. Hili ni jambo ambalo maelezo mengi ya hospitalini hulirukia: LDL ya damu haishuki hasa kwa sababu ini limeacha kutengeneza kolesteroli. Inashuka kwa sababu ini lililobanwa huanza kuichota kutoka kwenye damu kwa vipokezi vingi zaidi. Dawa inalitia ini njaa, na njaa hiyo ndiyo inayosafisha damu. Kwa hiyo ule ukaidi wa mwili unaopunguza nguvu ya dozi kubwa ndio huohuo unaoipa dozi ndogo nguvu yake, na hakuna namna ya kuuchukua upande mmoja na kuuacha mwingine.

Jeni la tatu ni kikwazo. Nalo hutoa protini iitwayo PCSK9, iliyotambuliwa mwaka 2003, ambayo kazi yake ni kuviharibu vipokezi vya LDL. Kwa kawaida kipokezi kikishadaka kifurushi huzama nacho ndani ya seli, hukitua, kisha hurudi juu kuchota tena, safari nyingi katika maisha yake. PCSK9 ikikinasa, hakirudi. Hupelekwa kusagwa pamoja na mzigo wake. Statini huongeza vipokezi, na wakati huohuo huongeza kinachoviua. Dozi ikipanda, vyote viwili hupanda, na faida inayobaki kwa kila nyongeza huwa ndogo zaidi.

Tena kuna utumbo. Kolesteroli haitoki kwenye ini peke yake. Nyingine hufyonzwa kutoka kwenye chakula na kwenye nyongo inayomwagwa tumboni kila siku. Ini likitengeneza kidogo, utumbo huelekea kufyonza zaidi. Hilo nalo huchukua sehemu yake katika kupunguza kile ambacho dozi kubwa ingeleta.

Madhara ya dawa hayafuati mwendo huo wa kulala. Kiasi cha dawa kinachozunguka katika damu na kuifikia misuli hupanda pamoja na dozi, na misuli haina habari na kanuni ya sita sita. Mfano wa wazi kuliko yote ni jaribio la SEARCH lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010. Watu 12,064 waliowahi kupata shambulio la moyo waligawanywa: nusu walimeza simvastatini miligramu 20, nusu miligramu 80, kwa wastani wa karibu miaka saba. Kutoka 20 hadi 80 ni kuongeza maradufu mara mbili, na tofauti ya LDL kati ya makundi hayo ilikuwa milimoli 0.35 tu kwa lita. Ugonjwa wa misuli uliothibitishwa kwa vipimo uliwapata watu wawili katika kundi la miligramu 20. Katika kundi la miligramu 80 uliwapata 53. Mashambulio na viharusi vilipungua kidogo mno kiasi kwamba takwimu hazikuweza kuitenga tofauti hiyo na bahati. Mwaka uliofuata, mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema mgonjwa yeyote asianzishiwe simvastatini ya miligramu 80, na kwamba anayemeza amlodipini, dawa ya shinikizo la damu inayotumika sana hata Afrika Mashariki, asizidishe miligramu 20 za simvastatini, kwa sababu amlodipini hupandisha kiasi cha simvastatini katika damu. Juisi ya balungi nayo hufanya hivyo, kwa kukizuia kimeng'enya kinachoivunja dawa.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba dozi kubwa ni upuuzi. Atovastatini haikuonyesha tatizo la misuli la kiasi hicho, na katika jaribio la TNT la mwaka 2005, lililohusisha watu 10,001 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, miligramu 80 zililinganishwa na 10. Kuongeza maradufu mara tatu kulileta tofauti ya LDL ya milimoli 0.6 hivi kwa lita. Katika muda wa karibu miaka mitano, matukio makubwa ya moyo na mishipa yaliwapata asilimia 8.7 ya waliotumia 80, dhidi ya asilimia 10.9 ya waliotumia 10. Vimeng'enya vya ini vilivyopanda na kubaki juu vilionekana kwa asilimia 1.2 dhidi ya 0.2. Kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio la moyo, pointi hizo chache zina maana. Kwa mtu mzima ambaye hajawahi kuugua na hatari yake ni ndogo, pointi zilezile zinaweza zisistahili usumbufu. Kanuni inaeleza LDL itashuka kiasi gani. Haielezi nani anahitaji ishuke.

Kwa hiyo LDL inapobaki juu, swali la maana ni iwapo kuna mlango mwingine wa kupitia. Upo mmoja wa bei nafuu kiasi: ezetimibi, kidonge cha miligramu 10 kinachoziba njia ya kolesteroli kwenye ukuta wa utumbo. Kinaziba palepale ambapo mwili ulikuwa ukijifidia. Kikiongezwa juu ya statini hushusha asilimia 20 hivi ya LDL iliyobaki. Mwaka 2002 jaribio moja lililinganisha simvastatini ya miligramu 10 ikiwa pamoja na ezetimibi, na simvastatini peke yake ya miligramu 80. Zote mbili zilishusha LDL kwa asilimia 44. Ezetimibi moja ilikuwa imefanya kazi ya kuongeza dozi maradufu mara tatu.

Chukua mgonjwa wa mfano: mwanamume wa miaka 58 aliyetoka hospitali baada ya shambulio la moyo, LDL yake kabla ya dawa 5.0. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka mtu kama huyu ashuke chini ya 1.4. Kutoka 5.0 hadi 1.4 ni punguzo la asilimia 72. Hapo hesabu imeshatoa jibu kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa: hakuna statini, kwa dozi yoyote iliyoidhinishwa, inayofika huko peke yake. Tuseme ameanzishiwa atovastatini 20, na baada ya wiki nane amepima 2.9, karibu kabisa na 2.8 iliyotarajiwa. Njia ya mazoea ni kumpandisha hadi 40 na kusubiri miezi miwili, apate 2.5, kisha 80 na miezi miwili mingine, apate 2.2. Miezi minne imepita, na bado yuko mbali. Akibakizwa kwenye 20 na kuongezewa ezetimibi, 2.8 ikipunguzwa asilimia 20 inakuwa 2.2. Amefika palepale pa miligramu 80 kwa hatua moja. Akipewa vyote viwili, atovastatini 80 na ezetimibi, anashuka hadi kama 1.8. Kinachobaki kati ya hapo na 1.4 ni kazi ya sindano zinazoizuia PCSK9, zilizoanza kuidhinishwa mwaka 2015, ambazo hukata zaidi ya nusu ya LDL iliyobaki. Bei yake bado ni kubwa mno kwa wagonjwa wengi. Lakini angalau daktari na mgonjwa wanajua tangu siku ya kwanza njia inaelekea wapi, na hakuna atakayelaumiwa kwa kushindwa kufikia kisichofikika.

Kanuni hii ina matumizi mengine ambayo pengine ni makubwa zaidi kwa kliniki ya kawaida: inaonyesha lini tatizo si dozi. Mtu aliyeandikiwa atovastatini 40 anatarajiwa kushuka karibu nusu. Akija na LDL iliyoshuka kutoka 5.0 hadi 4.5, yaani asilimia 10, kumpandisha hadi 80 kwa matarajio ya pointi sita zaidi hakuna maana. Mwili ulioitikia kwa asilimia 10 pale ulipotakiwa kuitikia kwa 50, mara nyingi haujaipata dawa. Vidonge viliisha na havikununuliwa vingine, au vinamezwa siku za kliniki tu, au viliachwa baada ya jirani kusema vinaharibu ini. Swali la kuuliza ni vidonge vimebaki vingapi kwenye pakiti, nalo huulizwa kwa upole. Zikiwa zimemezwa kweli, kuna sababu nyingine za kutazama, ikiwemo tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, ambayo hupandisha LDL na huongeza pia hatari ya maumivu ya misuli kwa anayetumia statini. Na wapo wachache waliozaliwa bila vipokezi vya LDL vinavyofanya kazi, kwa kurithi jeni lenye kasoro kutoka kwa baba na mama pia. Kwao statini ina nguvu kidogo sana tangu dozi ya kwanza, kwa kuwa ini lenye njaa halina mikono ya kuchotea.

Tahadhari moja ni ya vipimo vyenyewe. LDL ya mtu yuleyule, asiyebadilisha chochote, hupanda na kushuka kidogo kutoka wiki hadi wiki, na mashine ya maabara nayo ina mtetemo wake. Kushuka kutoka 3.1 hadi 2.8 ni badiliko dogo la kutosha kufunikwa na mtikisiko huo. Mtu anaweza kuongezewa dozi maradufu, akapima, akakuta 3.1 ileile, au hata 3.2, na dawa ikawa imefanya kazi yake. Ndiyo maana hatua moja ya sita haifai kuhukumiwa kwa kipimo kimoja, wala kwa kipimo kilichochukuliwa wiki ya kwanza baada ya dozi kubadilishwa. Wiki nne ndizo za chini kabisa.

Na kanuni husomeka kurudi nyuma pia. Ikiwa kuongeza dozi maradufu kunaleta sita, kuipunguza nusu kunapoteza sita. Mgonjwa anayelalamika misuli inamuuma kwenye miligramu 40 za atovastatini, akirudishwa 20, anatoka asilimia 50 hadi 44; akirudishwa 10, anabaki na 38. Amepunguza robo tatu ya dawa na bado ana zaidi ya robo tatu ya faida. Wengi wanaoumwa misuli huamua kuziacha kabisa, na hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu wanaoacha hawapotezi sita: wanapoteza zote 50, na LDL hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache.

Anayetumia dawa hizi asijipandishie wala kujishushia dozi mwenyewe. Aende kliniki na pakiti ya vidonge kama ilivyo, aseme ukweli kuhusu siku alizoruka, na aibebe ile karatasi ya kipimo cha kwanza, kabla ya dawa. Ikiwa imepotea, aombe namba yake itafutwe kwenye faili na kuandikwa juu ya kadi yake.